Namba Tasa Hazina Mwisho: Kuusoma Uthibitisho wa Euklides Hatua kwa Hatua

Mhadhara kwa wanafunzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza, somo la Utangulizi wa Uthibitisho



Namba tasa mnazijua tangu shule ya msingi. Ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Zinaanza na 2, kisha 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Leo tunauliza kama mwendo huo una mwisho. Je, iko namba tasa ya mwisho kabisa, ambayo baada yake hakuna nyingine?

Anayezihesabu kwa mkono ana sababu nzuri ya kushuku kwamba huenda zikaisha. Chini ya 100 zimo 25. Chini ya 1,000 zimo 168, yaani mamia tisa yaliyofuata yameongeza 143 tu, ambazo ni pungufu ya 16 kwa kila mia. Chini ya milioni moja zimo 78,498, na hapo wastani umeshuka chini ya 8 kwa kila mia. Baina yake kunatokea mapengo: baada ya 113 utapita namba 13 mfululizo, kuanzia 114 hadi 126, bila kukuta hata moja iliyo tasa, mpaka ufike 127. Kadiri unavyopanda ndivyo zinavyozidi kuwa adimu, na kitu kinachozidi kuwa adimu kinaweza kwisha.

Kuhesabu peke yake hakuwezi kuliondoa shaka hilo. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimepatikana hadi wakati huo. Ni mbili iliyopandishwa kwenye kipeo cha 136,279,841 kisha ikapunguzwa moja, na ukiiandika yote ina tarakimu 41,024,320. Lakini hata namba hiyo inatuambia tu kwamba yenyewe ni tasa. Haisemi lolote kuhusu zinazofuata. Tunahitaji hoja inayozungumzia namba tasa zote kwa mpigo, na hoja hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka 2,200. Imo katika kitabu cha tisa cha Elementi, kazi ya Euklides wa Aleksandria nchini Misri, iliyoandikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Ni pendekezo la 20 la kitabu hicho.

Uthibitisho wenyewe ni mfupi. Ukiandikwa vizuri hauzidi mistari kumi. Nitautumia muda wetu wote juu yake kwa sababu moja: wengi wanaoujua hawajui hasa unachothibitisha, na kosa lao linaweza kuonyeshwa kwa namba moja tu. Tutaifikia namba hiyo.

Dai linasema nini

Kabla ya kuthibitisha, tulisome dai. "Hazina mwisho" ni maneno ya kawaida, na kwenye uthibitisho kila neno lazima ligeuzwe kuwa kitu tunachoweza kukishika. Euklides alilisema jambo hili kwa namna nzuri sana. Hakutumia neno lolote lenye maana ya ukomo au kutokuwa na ukomo. Alidai kwamba idadi yoyote ya namba tasa utakayoitaja, namba tasa zilizopo ni zaidi ya hizo.

Tuliandike kwa lugha ya leo. Chukua orodha yoyote yenye ukomo ya namba tasa. Tunadai kwamba ipo namba tasa ambayo haimo katika orodha hiyo.

Angalieni neno "yoyote". Hatudai jambo kuhusu orodha moja maalumu. Hatusemi kwamba orodha lazima ianze na 2, wala kwamba lazima iwe na namba zote tasa hadi mahali fulani bila kuruka. Anayetupinga ndiye anayechagua orodha. Anaweza kutuletea 2, 3 na 5. Anaweza kutuletea 7 peke yake. Anaweza kutuletea namba milioni alizookota huku na huko. Sisi tunapaswa kumjibu kila mara, na kwa njia ileile. Ukilielewa dai hivi, umeshaelewa pia umbo la uthibitisho wake: utaanza kwa kupokea orodha, na utaisha kwa kutoa namba tasa iliyo nje ya orodha.

Madai mawili madogo ya kutusaidia

Tutahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni hiki: kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ina angalau kigawo kimoja kilicho tasa. Mtasema hili mnalijua. Kulijua kwa mazoea hakutoshi katika somo hili, kwa hiyo tulithibitishe.

Chukua namba yoyote n iliyo kubwa kuliko 1. Tazama vigawo vyake vyote vilivyo vikubwa kuliko 1. Kipo angalau kimoja, kwa sababu n inajigawa yenyewe. Kati ya vigawo hivyo chukua kilicho kidogo kuliko vyote, tukiite d. Nadai kwamba d ni tasa. Ingekuwa si tasa, ingekuwa na kigawo e kilicho kikubwa kuliko 1 na kidogo kuliko d. Lakini kwa kuwa d inaigawa n bila baki, kinachoigawa d bila baki kinaigawa n pia. Basi e kingekuwa kigawo cha n kilicho kikubwa kuliko 1 na kidogo kuliko d, ilhali d tuliichagua kwa sababu ni ndogo kuliko vyote. Haiwezekani. Kwa hiyo d ni tasa, na ni kigawo cha n.

Hapa tumetegemea jambo moja ambalo ni vyema mlitambue: kwamba katika kundi lolote la namba nzima chanya lenye angalau kitu kimoja ndani yake, kimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kwa namba za sehemu jambo hilo si kweli. Hakuna sehemu chanya iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni ndogo zaidi. Kwa namba nzima chanya ni kweli, na ndilo linalobeba hoja yetu.

Dai dogo la pili ni jepesi zaidi. Namba q ikizigawa namba mbili a na b bila baki, basi inaigawa pia tofauti yao. Sababu ni kwamba a ni q mara namba fulani s, na b ni q mara namba fulani t, kwa hiyo a − b = q(s − t). Hicho nacho ni kigawe cha q.

Uthibitisho

Sasa tuandike. Nitauandika kama ninavyotaka muuandike kwenye mtihani.

Chukua orodha yoyote yenye ukomo ya namba tasa, p₁, p₂, …, pₙ. Zizidishe zote kwa pamoja na uite zao hilo P. Weka N = P + 1.

N ni kubwa kuliko 1. Kwa dai dogo la kwanza, N ina kigawo kilicho tasa. Kiite q.

Nadai kwamba q haimo katika orodha. Ingekuwa mojawapo ya p₁, p₂, …, pₙ, ingeigawa P bila baki, kwa kuwa P ni zao la namba zote za orodha. Na q inaigawa N bila baki. Kwa dai dogo la pili, q ingeigawa tofauti N − P, ambayo ni 1. Lakini namba tasa ni kubwa kuliko 1, na hakuna namba kubwa kuliko 1 inayoigawa 1 bila baki. Kwa hiyo q haimo katika orodha.

Basi q ni namba tasa iliyo nje ya orodha, na ndivyo tulivyotaka kuonyesha.

Hebu tuangalie kazi ya ile moja iliyoongezwa. P inagawanyika kwa kila namba ya orodha. Ukiongeza 1, unapata namba ambayo kila mojawapo ya orodha ikiigawa inabakiza 1. Kwa kitendo kimoja umezifungia nje zote, bila kujua ni ngapi wala ni kubwa kiasi gani. Lakini N haiwezi kukaa bila kigawo tasa, kwa sababu hakuna namba kubwa kuliko 1 inayoweza. Kigawo hicho lazima kitoke kwingine.

Euklides mwenyewe hakutumia zao. Alitumia kile mlichojifunza shule ya msingi kwa jina la KDS, kigawe kidogo cha shirika. Kwa namba tasa zilizo tofauti KDS na zao ni kitu kimoja, kwa hiyo hoja haibadiliki. Tena hakuandika orodha ya namba n, kwa kuwa hakuwa na alama za kufanya hivyo. Aliandika namba tasa tatu, A, B na C, akaacha msomaji aone kwamba hakuna mahali popote hoja inapotegemea kuwa ni tatu. Hili ni zuri kulijaribu mnaposoma uthibitisho wowote ulioandikwa kwa mfano: pita kila sentensi ukijiuliza kama ingebaki kweli endapo namba zingekuwa saba badala ya tatu. Hapa zote zinabaki kweli. Lakini ninyi mna alama za kuandika n, kwa hiyo ziandikeni.

Namba 30,031

Tuufanyie kazi uthibitisho huu kwa orodha halisi. Mpinzani ameleta 2 peke yake: N ni 3, na 3 ni tasa. Ameleta 2 na 3: N ni 7, nayo ni tasa. Ameleta 2, 3 na 5: N ni 31, tasa. Akiongeza 7 tunapata 211, tasa. Akiongeza 11 tunapata 2,311, nayo pia ni tasa.

Hapa ndipo wengi hujenga imani ambayo uthibitisho haukuwapa. Wanasema: "Euklides alionyesha kwamba ukizidisha namba tasa na kuongeza moja unapata namba tasa nyingine." Wameona mifano mitano mfululizo, na yote imekubali. Sasa ongeza 13.

2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 = 30,030, kwa hiyo N = 30,031. Igawe kwa 2, unapata 15,015 na baki 1. Kwa 3, unapata 10,010 na baki 1. Kwa 5 ni 6,006 na baki 1. Kwa 7 ni 4,290 na baki 1. Kwa 11 ni 2,730 na baki 1. Kwa 13 ni 2,310 na baki 1. Kama tulivyotarajia, hakuna hata mojawapo ya sita hizo inayoigawa. Endelea na namba tasa zinazofuata: 17 inabakiza 9, 19 inabakiza 11, 23 inabakiza 16. Pita 29, 31, 37, 41, 43, 47 na 53. Zote zinabakiza kitu. Kisha ujaribu 59. Unapata 509 kamili, bila baki.

30,031 = 59 × 509. Si tasa.

Je, uthibitisho umeanguka? Rudini kwenye mistari tuliyoandika. Hakuna mahali tuliposema N ni tasa. Tulisema N ina kigawo tasa, na kwamba kigawo hicho hakimo katika orodha. Hapa vipo viwili, 59 na 509, na vyote viwili ni namba tasa zilizo nje ya orodha. Uthibitisho umetimiza ahadi yake hasa, na hata kuzidi kidogo. Kilichoanguka ni imani iliyotokana na mifano mitano.

Tena kulikuwa na njia ya kuligundua kosa hilo mapema, bila kufika 30,031. Kumbukeni kwamba orodha ni yoyote. Mpinzani akileta 3 na 5, N ni 16, yaani mbili nne zikizidishwa pamoja. Namba tasa mpya ni 2, iliyo ndogo kuliko zote za orodha. Akileta 2 na 7, N ni 15, na tunapata 3 na 5. Wanaokosea ni wale waliofikiria orodha za aina moja tu, zile zinazoanza na 2 na kupanda bila kuruka. Dai lilisema "yoyote", nao wakasoma "ya mwanzo".

Kosa hilo linatoka wapi

Halitoki kwa uvivu. Linatoka kwenye namna nyingine ya kuuandika uthibitisho huu, ambayo mtaikuta katika vitabu vingi. Namna hiyo hutumia ukinzani. Inaenda hivi.

Tuchukulie kwamba namba tasa zina mwisho, na kwamba p₁, p₂, …, pₙ ndizo zote zilizopo duniani. Zizidishe na uongeze 1. Namba N unayoipata haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Kwa kuwa hizo ndizo namba tasa zote, N haina kigawo tasa isipokuwa yenyewe. Basi N ni tasa. Lakini N ni kubwa kuliko zote za orodha, na orodha tulisema ina zote. Huu ni ukinzani, kwa hiyo dhana tuliyoanza nayo si kweli.

Hoja hii ni sahihi. Sina ubishi nayo. Lakini chunguzeni sentensi isemayo "N ni tasa". Imetoka wapi? Imetokana na dhana kwamba orodha ina namba tasa zote. Dhana hiyo ni ya uongo, na lengo zima la hoja lilikuwa kuonyesha kwamba ni ya uongo. Mara tu inapoangushwa, kila kitu kilichosimama juu yake kinaanguka nayo, na sentensi hiyo ni mojawapo. Anayetoka darasani ameibeba mkononi kama jambo lililothibitishwa ametoka na kitu ambacho hoja yenyewe ilikibomoa.

Hii ndiyo tabia ya kila uthibitisho wa ukinzani, na ndiyo sababu nimewaletea mfano huu mwanzoni mwa mwaka. Ukishaandika "tuchukulie kwamba", kila sentensi inayofuata inaishi chini ya dhana hiyo mpaka utakapoifuta. Baadhi ya sentensi hizo zingebaki kweli hata bila dhana, na baadhi hazingebaki. Katika hoja tuliyoisoma sasa hivi, sentensi "N haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo" inabaki kweli daima. Sentensi "N ni tasa" haibaki. Kwenye karatasi zinaonekana sawa. Ili kuzitofautisha, iulize kila sentensi: je, ulitumia dhana kuipata? Ukifanya zoezi, chora mstari wa wima pembeni kuanzia pale unapoweka dhana hadi pale unapoifuta, na usichukue chochote kutoka ndani ya mstari huo kwenda nje bila kukithibitisha upya.

Mwaka 2009 wanahisabati Michael Hardy na Catherine Woodgold waliandika makala kuonyesha kwamba Euklides hakuwahi kuuandika uthibitisho wake kwa namna hiyo ya ukinzani, ingawa watu wengi, wakiwemo wakubwa wa fani, wamedai kwamba ndivyo alivyofanya. Euklides alipokea namba zake tatu, akatoa nyingine. Alitenga hali mbili, kwamba N ni tasa au si tasa, akazijibu zote mbili. Ukinzani aliutumia mahali padogo tu, pale alipoonyesha kwamba q haiwezi kuwa mojawapo ya orodha, kama tulivyofanya sisi.

Kwa hiyo nawashauri mwandike kwa namna ya Euklides. Inatoa zaidi. Uthibitisho wa ukinzani unakuambia tu kwamba namba tasa haziwezi kuwa na mwisho. Uthibitisho wa Euklides unakupa pia njia ya kuipata mpya: zidisha, ongeza 1, kisha tafuta kigawo kidogo kuliko vyote kilicho kikubwa kuliko 1. Utafutaji huo una mwisho, kwa sababu kigawo hakiwezi kuzidi N. Katika mfano wetu uliishia kwenye 59.

Njia hiyo ina gharama, na ni haki kuitaja. Zao linakua haraka mno. Namba tasa sita za kwanza zimetupa namba yenye tarakimu tano, ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa kalamu. Orodha ikiwa na mamia ya namba, kutafuta vigawo vya N kunaweza kushinda kompyuta yoyote iliyopo. Ndiyo maana namba ile ya 2024 haikutafutwa kwa njia ya Euklides. Uthibitisho unatuhakikishia kwamba ipo nyingine. Hautuhakikishii kwamba tutaipata leo.

Kuijaribu hoja kwa kubadili dai

Njia nzuri ya kujua kama umeuelewa uthibitisho ni kubadili dai kidogo na kuona ni sentensi gani inayovunjika. Tujaribu mara mbili.

Namba tasa zote isipokuwa 2 ni witiri. Ukigawa witiri kwa 4, baki ni 1 au 3. Tuanze na namba tasa zenye baki 3: 3, 7, 11, 19, 23 na kuendelea. Je, hizi nazo hazina mwisho?

Chukua orodha yoyote yenye ukomo ya namba tasa za aina hii, zao lake likiwa P. Safari hii weka N = 4P − 1. Namba hii ni witiri, na ukiigawa kwa 4 baki ni 3. Vigawo vyake tasa vyote ni witiri, kwa hiyo kila kimoja kina baki 1 au 3. Je, vinaweza vyote kuwa na baki 1? Zidisha namba mbili za namna hiyo: (4a + 1)(4b + 1) = 4(4ab + a + b) + 1. Baki ni 1 tena. Ukiendelea kuzizidisha, baki haitoki kwenye 1. Lakini N ina baki 3. Kwa hiyo angalau kigawo tasa kimoja cha N, tukiite q, kina baki 3. Na q haimo katika orodha, kwani ingekuwamo ingeigawa 4P, ingeigawa pia N, na hivyo ingeigawa tofauti yao, ambayo ni 1.

Mfano: orodha ni 3, 7 na 11. P ni 231, na N ni 4 × 231 − 1 = 923. Namba hii ni 13 × 71. Ukigawa 13 kwa 4 unabakiwa na 1, kwa hiyo si ya aina tunayoitafuta. Ukigawa 71 kwa 4 unabakiwa na 3. Namba yetu mpya ni 71. Mnaona kwamba haikutosha kuchukua kigawo tasa chochote. Ilitubidi kuonyesha kwamba mojawapo ni cha aina yetu.

Sasa badili tena. Chukua namba tasa zenye baki 1: 5, 13, 17, 29 na kuendelea. Mtu mwenye haraka ataandika N = 4P + 1 na kusema hoja ni ileile. Mpe orodha yenye 5 peke yake. N ni 21, yaani 3 × 7. Vigawo vyote viwili viko nje ya orodha, lakini vyote viwili vina baki 3, na hakuna hata kimoja cha aina inayotakiwa. Sentensi iliyovunjika ni ipi? Ni ile ya kuzidisha. Namba mbili zenye baki 3 zikizidishwa zinatoa 9 pamoja na vigawe vya 4, na 9 ikigawanywa kwa 4 inabakiza 1. Baki 1 inaweza kutengenezwa na baki 3 mbili. Baki 3 haiwezi kutengenezwa na baki 1 hata ziwe ngapi. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Dai lenyewe ni kweli hata hivyo: namba tasa zenye baki 1 nazo hazina mwisho. Ila linahitaji N nyingine, yaani 4P² + 1, pamoja na ukweli kwamba kila kigawo tasa cha witiri iliyo mraba wa namba ukiongezwa 1 huwa na baki 1 kinapogawanywa kwa 4. Ukweli huo unatokana na kanuni ya Fermat mtakayoisoma muhula ujao. Kwa orodha ile ya 5 peke yake tunapata 4 × 25 + 1 = 101, ambayo ni tasa na ina baki 1. Na ukitaka jibu la jumla, kwa kigawanyi chochote na baki yoyote isiyo na kigawo cha pamoja nacho isipokuwa 1, ilibidi asubiriwe Dirichlet, Mjerumani aliyelithibitisha mwaka 1837 kwa mbinu zilizo mbali sana na kuzidisha na kuongeza moja.

Kazi ya wiki hii

Nawaachia mazoezi mawili, na nataka majibu yaliyoandikwa kwa sentensi kamili.

La kwanza: thibitisha kwamba namba tasa zinazobakiza 5 zikigawanywa kwa 6 hazina mwisho. Anza na N = 6P − 1, na uhakikishe umeeleza kwa nini 2 na 3 haziwezi kuwa vigawo vya N.

La pili: jaribu hoja hiyohiyo kwa namba tasa zinazobakiza 4 zikigawanywa kwa 5, ukiweka N = 5P − 1. Itakataa. Ukianza na 19 peke yake utapata 94, ambayo ni 2 × 47, na vigawo vyote viwili vinabakiza 2. Usiniandikie kwamba dai ni la uongo, kwa sababu Dirichlet ameshatuonyesha kwamba ni kweli. Niandikie sentensi ile moja ya uthibitisho wa zoezi la kwanza ambayo haikubali tena hapa, na sababu yake.